Osha asubuhi, hesabu kuanzia saa ya kulala: ratiba ya kuosha nywele za kipilipili

*Asalaam aleikum dada. Nina nywele za kipilipili, niliacha dawa miaka miwili iliyopita, nikizivuta zinafika mabegani. Naosha kila Jumapili. Naanza baada ya chakula cha mchana, namaliza magharibi nimechoka, nalala na kilemba nywele bado mbichi. Jumatatu nafunga ushungi niende kazini, jioni nikivua kuna harufu na nywele zimeshikana mafundo. Nikichana naokota fungu zima sakafuni. Maji yetu ni ya kisima, niko Kigamboni. Nipangie ratiba, nisije nikarudi kwenye dawa.*

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Hujanitajia shampuu wala mafuta unayotumia, na kwa leo siyahitaji sana, kwa sababu harufu na mafundo yako vinatoka mahali pamoja: nywele zinakaa mbichi muda mrefu mno, na zinakaa mbichi zikiwa huru. Kwa hiyo ratiba tutaipanga kinyumenyume. Tuanze na saa unayolala, turudi nyuma mpaka saa ya kushika ndoo.

Unywele ukiloa hunywa maji ndani yake, mpaka kama theluthi ya uzito wake, na hunenepa. Maji ya juu yanakauka upesi, ya ndani yanatoka polepole. Ndiyo maana saa moja baada ya kuosha unagusa juu unaona pamekauka, kumbe shinani hapajakauka. Nywele zetu zimejikunja na kubanana, hewa haipiti katikati yake kirahisi, na hewa yenyewe ya pwani imejaa unyevu. Kichwa kama chako, kilichojaa na chenye urefu huo, kikisokotwa vizuri na kukaa karibu na feni huchukua saa 6 hadi 8 kukauka kwa kweli. Masika huongezeka. Ukilala saa nne usiku, basi mpaka saa tatu usiku nywele ziwe zimekauka, na ili zikauke saa hiyo, msokoto wa mwisho uwe umefungwa kufikia saa saba mchana. Kuosha na kusokota ni kazi ya saa 3 na ushee. Sasa umeona: kuanza baada ya chakula cha mchana hakuwezekani hata uwe na mikono minne. Anza saa tatu asubuhi.

Najua Jumapili asubuhi ina mambo yake. Kwa hiyo sehemu moja ya kazi tunaihamishia Jumamosi usiku, ile unayoweza kuifanya umekaa kwenye kochi unaangalia tamthilia.

Jumamosi gawa nywele zikiwa kavu. Piga njia ya kwanza kutoka panda la uso, ipite utosini, ishuke mpaka kisogoni. Ya pili itoke sikio moja mpaka jingine kupitia utosini. Una robo nne. Kila robo igawe mara mbili, una mafungu 8. Njia zisikusumbue, kwamba mbona imepinda; hapa hatusuki, tunagawa tu. Kinachotakiwa ni fungu moja liweze kushikwa na mkono mmoja na vidole vya mkono wa pili vifike shinani bila kupigana. Kama kisogoni ni kuzito kuliko mbele, na kwa wengi ndivyo kulivyo, fungu la nyuma ligawe tena, ufike 10. Zaidi ya hapo wakati wa kuosha unajichosha.

Kila fungu lipake kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi, kuanzia ncha kupanda juu, uache ngozi ya kichwa. Mafuta ya nazi yana sifa ambayo mengi hayana: yanaingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu, kwa hiyo kesho yake unywele haunywi maji kwa pupa na hautoi protini nyingi kwenye povu. Mafuta ya maji yale ya dukani yanayong'aa hayafanyi kazi hiyo. Ukitumia ya kukamua nyumbani, hakikisha yamepikwa mpaka maji yote ya tui yameisha na yamechujwa. Yakibaki na tui yanachacha, na hapo unaweza kutafuta chanzo cha harufu kwingine kote usikione, kumbe kiko ndani ya chupa.

Ukishapaka, achanisha kwa vidole. Usishike chanuo Jumamosi. Unakuta fundo, unalibana kwa vidole viwili upande wa juu ili shina lisivutwe, halafu unatoa unywele mmojammoja kutoka upande wa chini mpaka lilegee. Fungu likimalizika, lisokote kwa ulegevu na uende jingine. Mafungu 8 hayazidi dakika 45. Funga kitambaa cha satini, ulale.

Jumapili kuna sheria moja inayobeba nyingine zote: fungu likishagawanywa halichanganyiki tena na jirani yake mpaka kichwa kimekauka. Wengi wanagawa, wakifika kwenye maji wanafumua yote, wanarundika juu ya kichwa na kusugua kwa duara, kama mtu anafua taulo. Mafundo yako mengi yanazaliwa kwenye dakika hizo tano. Nywele za kipilipili zikilowa na kuanza kujikunja, kila kikunjo kinakamata cha pembeni yake, na kadiri zinavyokauka ndivyo zinavyokazana.

Kwa hiyo osha misokoto ikiwa imesokotwa. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa ya nusu lita, toboa kifuniko matundu matatu kwa sindano ya moto, tia shampuu vijiko viwili vya chakula na maji robo lita, tikisa. Elekeza matundu kwenye njia, kati ya fungu na fungu, upate ngozi ya kichwa, usugue kwa nyama ya vidole na siyo kucha. Povu likishuka kwenye misokoto linatosha kuisafisha. Suuza, rudia mara ya pili. Mara ya kwanza povu litakuwa dogo kwa sababu ya mafuta ya jana na vumbi la wiki. La mara ya pili ndilo linalokuambia kama kichwa kimetakata. Mchanganyiko uliobaki mwaga. Ukishaongeza maji, dawa ya kuzuia shampuu isiharibike inapungua nguvu, na chupa ikikaa bafuni wiki nzima inaota vijidudu.

Sasa maji yako. Visima vingi vya Kigamboni vina chumvi, na vingine vina chokaa juu yake. Tazama ndani ya birika lako: likiwa na ukoko mweupe, una chokaa. Kama unaosha nywele kwa sabuni ya kipande, acha leo hii, kwa sababu sabuni ile ikikutana na chokaa inatengeneza utando unaong'ang'ania kwenye unywele na hausuuziki. Shampuu haitengenezi utando huo kwa kiasi hicho. Osha na suuza kwa maji ya kisima, huna haja ya kununua ndoo nzima za maji matamu, lakini weka pembeni lita 3 hadi 4 za maji ya mvua au ya bomba kwa kusuuzia mara ya mwisho kabisa, baada ya kondishena. Lengo ni kwamba maji yatakayokaukia kichwani yasiwe ya chumvi. Chumvi haikauki ikapotea, inabaki juu ya unywele, unaona umekuwa mgumu, umekosa mng'ao, na mafuta unayopaka hayasaidii. Kama tatizo ni chokaa, kijiko kimoja cha chakula cha siki kwenye lita moja ya maji kinasaidia kuilegeza. Mimina, hesabu dakika moja, halafu suuza kwa yale maji uliyoweka. Kwa chumvi ya kawaida siki haina kazi, dawa yake ni maji matamu tu.

Baada ya shampuu inakuja kondishena, na hapa ndipo chanuo linaruhusiwa. Kuna jambo linalowachanganya watu, kwamba nywele mbichi ni dhaifu kwa hiyo zisichanwe. Ni kweli unywele uliolowa unavutika na kukatika kwa urahisi zaidi. Lakini nywele za kipilipili zikichanwa kavu zinakataa sana, chanuo linahitaji nguvu nyingi kupita, na nguvu hiyo ndiyo inayokata. Zikiwa zimelowa na kulainishwa, nguvu inayotakiwa inashuka sana. Nywele za Wazungu au Wahindi ziko tofauti, na ushauri mwingi unaozunguka umeandikwa kwa ajili yao.

Fumua msokoto mmoja, mingine ikae. Paka kondishena kama kijiko kimoja cha chakula, fungu zito kijiko na nusu, uone nywele zinateleza mkononi zenyewe. Kichwa chako kizima kitakula zaidi kidogo ya nusu kikombe. Ukibana matumizi hapa utalipa kwa nywele. Shika katikati ya fungu kwa mkono mmoja, chana ncha kwanza kwa chanuo la meno mapana, ukipita bila kukwama panda vidole viwili, chana tena, hivyo hivyo mpaka shinani. Chanuo likigoma, usilisukume. Litoe, ongeza maji kidogo na kondishena, tumia vidole. Likishapita, lisokote tena fungu hilo na uhamie jingine. Ukimaliza la 8, la kwanza limeshakaa na kondishena kama nusu saa, huna haja ya kungoja zaidi. Ndoo mbili za lita 20 zinatosha kazi yote kama unatumia kata na unasuuza fungu kwa fungu.

Kuhusu lile fungu la nywele unaloliokota sakafuni, kabla hujalia, lichunguze. Kila mtu anapoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na kwa sababu za kwako zimejikunja hazidondoki, zinanasa humo humo mpaka siku ya kuchana. Wiki moja ni mamia. Chukua chache, uzitandaze kwenye karatasi nyeupe, uzinyooshe. Unywele uliodondoka kwa wakati wake ni mrefu kama wenzake na una kijidonge cheupe upande mmoja, kidogo kama punje ya ufuta iliyokatwa. Uliokatika ni mfupi, hauna kijidonge pande zote mbili. Vipande vifupi vikiwa vingi kuliko virefu, rudi kwenye mikono yako, unachana kwa nguvu au unachana zikiwa kavu. Virefu vyenye vijidonge vikiwa vingi kupita kawaida yako kwa miezi miwili mitatu mfululizo, hasa baada ya kujifungua, homa kali au kuishiwa damu, hilo si suala la ratiba ya kuosha. Mwone daktari upime.

Umesuuza. Usichukue taulo la kusugua. Chukua fulana ya pamba iliyozeeka, kamata msokoto mmoja, ukamue kuelekea chini bila kusugua, uende mwingine. Funga fulana kichwani dakika 10 hadi 15, siyo zaidi. Kila tone unalolitoa hapa ni muda unaoupunguza baadaye.

Kukausha nakuomba ukusome taratibu, kwa sababu ndiko wiki yako inakoharibikia. Wakati wa kuosha tulitaka mafungu machache. Wakati wa kukausha tunataka mengi, kwa kuwa msokoto mnene unabaki na ubichi katikati. Kwa hiyo kila fungu kati ya yale 8 ligawe mara mbili unapolisokota, upate misokoto 16. Kabla ya kusokota, kila mmoja upake nusu kijiko cha chai cha kondishena ile ya kuacha kichwani, na juu yake matone machache ya mafuta kwenye ncha tu. Nimeshaona vichwa vilivyopakwa siagi ya shea mpaka misokoto imekuwa myeupe; siagi nyingi hivyo haiongezi unyevu, inaziba maji yaliyomo yasitoke, na kesho yake inashika vumbi la barabarani. Sokota kwa kuvuta kidogo, bila kukaza kwenye panda la uso. Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa nywele za mbele au kichwa kinauma ukiinua nyusi, umekaza, legeza siku hiyo hiyo. Nywele za pale mbele zikishang'oka kwa kuvutwa miaka, nyingine hazirudi.

Misokoto ikishakaa kama saa 2 na kuacha kudondosha maji, unaweza kuizungushia uzi mweusi, ule wa nywele za uzi za bibi zetu. Hauhitaji kufika mpaka nchani kwa ustadi. Anza shinani, zungusha kwa nafasi nafasi, funga. Uzi unaulazimisha unywele ukauke ukiwa umenyooka, na unywele unakumbuka umbo uliokaukia mpaka utakapolowa tena. Kipilipili kinaweza kujikunja hadi robo ya urefu wake wa kweli. Ukikikausha kimevutwa, mafundo ya wiki nzima yanapungua kwa sababu ncha haziruki kurudi kwa majirani. Kwa wewe unayefunga ushungi, ambaye hakuna anayeuona uzi huo, sioni njia bora kuliko hii.

Kaa na kichwa wazi ndani, feni ikiwa mgongoni na siyo usoni, maana kisogo ndicho hukauka mwisho. Kama una haraka tumia draya kwenye joto la kati, ukiiweka mbali kama sentimita 15 na mkono ukitembea muda wote. Unywele uliolowa chapa chapa usiupige moto mkali: maji ya ndani yanachemka yakiwa hayana pa kutokea na yanaacha viputo kwenye unywele, na hapo ndipo utakapokuja kukatikia. Zikishakauka nusu, draya ya dakika 15 haina ubaya. Umeme ukikatika, dirisha linalopitisha upepo wa bahari linatosha. Ndiyo faida ya kuanza mapema.

Utajuaje zimekauka? Usiamini mkono, mkono wako nao umeloweshwa na kupakwa mafuta. Chukua msokoto wa kisogoni, uguse kwenye shavu. Ukihisi baridi, maji bado yanatoka. Ukiwa hauna baridi, fumua huo mmoja. Ukiruka na kujikunja mara moja, haujakauka, usokote urudi. Ukilala pale pale ulipo na mawimbi yake, umefika. Kilemba au satini havifungwi kabla ya jaribio hilo. Nywele mbichi zikifungwa usiku kwa satini na asubuhi kwa ushungi, vijidudu vya ngozi vinapata joto, maji na mafuta kwa saa 18 mfululizo, na harufu unayoisikia Jumatatu ni kazi yao. Kufukiza udi juu yake kunaifunika mpaka mchana tu. Fukiza kama unapenda, lakini nywele ziwe kavu.

Katikati ya wiki usizilowanishe tena. Maji ya udhu unayopangusa kichwani hayana neno, yanakauka upesi. Ukihisi ncha ni kavu, zipulizie maji kidogo asubuhi, siyo usiku, na tone la mafuta juu yake. Ukiona kifundo cha unywele mmoja nchani, kile kidogo kama kichwa cha pini, usikifungue. Kikate kwa mkasi mkali juu yake kidogo.

Fuata hivi Jumapili tatu. Kama nywele zinalala kavu na harufu bado ipo, au ngozi inawasha na kutoa magamba, huenda ni mba. Fangasi wa mba anaishi kwa mafuta ya kichwani, kwa hiyo kuipaka ngozi mafuta ili magamba yalainike ni kumlisha. Nunua duka la dawa shampuu yenye ketokonazo, itumie kwenye ngozi ya kichwa mahali pa shampuu ya kawaida, ikae dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Sehemu za duara zinazotoka nywele na kubaki vidoti vyeusi ni jambo jingine, hayo yanaweza kuwa mapunye, ambayo kwa kichwa hutibiwa kwa vidonge; usijipake chochote, nenda kliniki ya ngozi.

Na ikitokea Jumapili umekwama, arusi au msiba, ukatazama saa ukakuta ni saa nane mchana na hujagusa maji, usianze. Lala na misokoto yako ya Jumamosi, na Jumatatu ukirudi kutoka kazini osha ngozi ya kichwa tu kwa ile chupa ya matundu, misokoto ikiwa imefungwa kwa uzi, bila kondishena na bila kufumua. Kamua kwa fulana, piga draya shinani nusu saa, na kuchana kusubiri Jumapili ijayo.